Kwa nini Benki Kuu ya Kenya haikumwaga dola shilingi ilipofika 160, na sasa mbona imekaa tu 129?

mama_spea_kirinyaga

Habari zenu wote. Niko na swali ambalo limenikaa tangu ule mwaka wa 2023 na sijawahi pata mtu wa kunijibu vizuri. Mimi naleta spea za Toyota kutoka Dubai, duka liko Kirinyaga Road. Invoisi yangu ya kawaida ni kama dola 40,000. Mwanzo wa 2022 dola ilikuwa 113, kwa hivyo mzigo ulikuwa milioni 4.5 na kidogo juu. Januari 2024 dola ikafika 160, mzigo ule ule, breki pedi zile zile, vichungi vile vile, ukawa milioni 6.4. Karibu milioni mbili zaidi na hakuna fundi anakubali kuongeza hiyo pesa yote kwa bei, wengine walienda wakaanza kununua za kuchomolewa kwa magari ya zamani.

Na hata hizo dola zenyewe hazikuwa zinapatikana. Benki yangu, sitaitaja, ilikuwa inanipatia elfu tano leo, inaniambia rudi wiki ijayo, na ukiangalia bei iliyoko kwa tovuti ya Benki Kuu na ile naitishwa kauntara ni vitu viwili tofauti.

Sasa swali. Benki Kuu ilikuwa na akiba ya mabilioni ya dola wakati huo wote. Kwa nini haikuzitoa iuzie mabenki bei ishuke? Akiba ni ya nini kama si ya siku kama hiyo? Na kitu cha pili, saa hii dola imekaa 129 miezi na miezi haisongi. Ni nani ameishikilia?

odush_donholm

Mama jibu ni rahisi tu, hawakuwa nazo za kutosha. Akiba ni kama tangi la maji pale kwa paa, likiwa limejaa unafungulia mfereji unavyotaka, likishuka unaanza kupima na kikombe. Sheria inasema wajaribu kuweka akiba ya kutosha kulipia angalau miezi minne ya bidhaa na huduma za kutoka nje. Mwisho wa 2023 walikuwa chini ya bilioni 7, hiyo ni kama miezi mitatu na nusu hivi. Walikuwa wameshavuka laini. Wangeuza na nini?

Mwaka wa 2025 zilipita bilioni 10, ndio maana bei imetulia. Tangi limejaa. Dola zikiwa nyingi hivyo shilingi haiwezi kuanguka tena, hesabu imeisha.

tafsiri_za_usiku

Nimeona uzi ni wa dola, naomba msaada. Mimi nafanya kazi ya kutafsiri kwa mtandao nalipwa kwa dola. Niko na kama dola 3,000 kwa akaunti. Niuze saa hii kwa 129 ama ningoje irudi 160? Kuna mtu ameniambia lazima itarudi kwa sababu ilishafika huko.

dawati_mstaafu

@mama_spea umeuliza swali zuri sana na nitajaribu kulijibu polepole. Nilifanya kazi kwa dawati la fedha za kigeni la benki moja hapa mjini miaka mingi, nimekuwa upande ule mwingine wa simu Benki Kuu ikiuza na ikinunua, kwa hivyo nitasema vile hiyo kitu inafanyika, si vile inaandikwa.

@odush uko sawa kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili si kweli na ni hatari, nitaifikia.

Kwanza, dola za akiba haziko kwa maboksi pale Benki Kuu, Haile Selassie Avenue. Nyingi ziko ng'ambo, ni bondi za serikali ya Marekani na pesa zilizowekwa kwa mabenki makubwa ya nje. Benki Kuu ikitaka kuziuza inawasiliana na mabenki ya hapa, inauliza bei, inakubaliana na benki fulani kiasi fulani. Tuseme imeuza dola milioni 20 kwa bei ya 150. Siku ya kulipana, dola milioni 20 zinaingia akaunti ya hiyo benki kule New York, na hapa nyumbani Benki Kuu inakata shilingi bilioni 3 kutoka akaunti ambayo hiyo benki iko nayo ndani ya Benki Kuu.

Sasa ni hizo bilioni 3 za shilingi nataka mzingatie, kwa sababu watu wote huangalia dola. Hizo shilingi haziendi kwa mfuko wa mtu. Zinatoka kwa mzunguko kabisa, zinafutika. Kesho yake asubuhi mabenki kwa jumla yako na bilioni 3 pungufu za kukopeshana, na riba ya kukopeshana usiku mmoja inaanza kupanda. Na hiyo riba kupanda ndiyo inasaidia shilingi, kwa sababu sasa aliyekuwa amekopa shilingi ili anunue dola akae nazo anaona gharama imekuwa kubwa, na mwenye dola anaona heri auze apate shilingi aziweke mahali zinalipa.

Lakini. Serikali nayo inakopa kwa hao hao mabenki kila wiki kupitia bili za hazina na bondi. Riba ikipanda, serikali inaumia, wenye mikopo ya nyumba wanaumia, simu zinaanza kupigwa. Basi Benki Kuu inaona imekausha shilingi, inafanya ripo ya kurudisha, inawakopesha mabenki zile bilioni 3 tena. Umeona kilichotokea hapo? Dola milioni 20 zimeenda, na shilingi zilizozinunua zimerudi mezani tayari kununua dola zingine. Bei inatulia siku mbili inaanza safari tena. Ukifanya hivyo miezi sita umepoteza akiba na hujabadilisha kitu.

Kwa hivyo mfereji wa odush uko na shida moja, maji yakitoka pale chini hakuna mtu anayewarudishia watu uwezo wa kuyaitisha tena. Kwa dola yupo, na ni Benki Kuu yenyewe.

mama_spea_kirinyaga

Eish. Kwa hivyo wakiuza dola na wakati huo huo wanarudisha shilingi, ni kama hawajafanya kitu?

dawati_mstaafu

Wamefanya kitu, wametuliza siku moja mbaya. Hiyo nayo ina maana yake. Kukiwa na siku ambayo kampuni moja kubwa inatafuta dola za kulipa gawio nje na soko ni dogo, bei inaweza kuruka shilingi mbili bure tu, Benki Kuu ikiingia na milioni 10 inazuia hofu isianze. Hiyo ni kazi nzuri ya akiba. Shida ni pale watu wanapotaka dola kwa sababu ya kudumu, halafu unajaribu kuizuia kwa dawa ya siku moja.

Tumeyaona haya hapa hapa. 2011 shilingi ilianza mwaka kama 80, Oktoba ikagusa 107. Benki Kuu ilikuwa inauza dola ndiyo, lakini wakati huo huo dirisha lake la kukopesha mabenki lilikuwa linatoa shilingi kwa riba ya chini kuliko ile mabenki yalikuwa yanakopeshana. Hebu fikiria uko kwa dawati, unaweza kukopa shilingi kwa bei rahisi kutoka kwa mtu yule yule anayekuuzia dola. Utafanya nini? Bunge liliunda kamati kuchunguza hiyo story. Kilichosimamisha shilingi si akiba, ni riba ya Benki Kuu kutolewa 7 kupelekwa 11 Oktoba, halafu 16.5 Novemba, halafu 18 Desemba. Mwisho wa mwaka dola ilikuwa imerudi kama 85. Na wenye mikopo walilia sana, hiyo sitaficha, kuna watu walipoteza nyumba.

avokado_maragua

Mimi naomba niongee upande ambao huwa hausikiki kwa hizi mada. Ninyi mnaongea kama vile shilingi kuwa na nguvu ni baraka kwa kila mtu. Mimi nauza avokado nje, nalipwa kwa yuro na dola. Miaka ile ya 2016 hadi 2019 dola ilikaa 100 hadi 103 kama imepigiliwa msumari, na hapa nyumbani mbolea, mishahara, stima, kila kitu kinapanda. Nilikuwa napata shilingi zile zile na gharama zinanimaliza. 2018 IMF ilisema wazi shilingi iko juu kwa kama asilimia 17.5 kuliko inavyofaa na ikaacha kuihesabu kama sarafu inayoelea, Benki Kuu ikakataa ikasema hapana.

Sasa kama kweli ilikuwa imeshikiliwa, basi hizo dola 160 za mama spea zilianza kupikwa wakati huo. Gavana wa sasa Thugge mwenyewe alipoingia 2023 alisema shilingi ilikuwa imewekwa juu kuliko thamani yake. Kwa hivyo swali lisiwe kwa nini hawakumwaga dola 2023, liwe kwa nini walizimwaga kabla.

odush_donholm

@avokado lakini wewe ulipolipwa vizuri 2023 sisi wengine tulinunua petroli ya 217. Usisahau tulio wengi ni wanunuzi.

avokado_maragua

Sijasahau. Nanunua petroli pia, lori langu haliendi na avokado. Nasema tu kwamba bei ikizuiwa miaka minne halafu iachiliwe kwa mwaka mmoja na nusu, inaumiza kila mtu kuliko ingeachwa isonge kidogo kidogo.

dawati_mstaafu

@avokado kwa sehemu kubwa nakubaliana na wewe. Ila nitaongeza kitu kimoja, yaliyotokea 2022 na 2023 hayakuwa tu matokeo ya shilingi kushikiliwa zamani. Marekani ilipandisha riba yake haraka sana kuanzia Machi 2022, na dola zikakimbia nchi zote za aina yetu kurudi kwao. Mafuta yakawa ghali. Na sisi tulikuwa na ile Yurobondi ya 2014, mkopo wa serikali kutoka soko la nje, dola bilioni 2 za kulipwa kwa mpigo mmoja tarehe 24 Juni 2024.

Hiyo tarehe ndiyo ufunguo wa swali la mama spea. Hebu jiweke kwa kiti cha gavana Oktoba 2023. Akiba yako ni bilioni 6.8 hivi. Kila mtu duniani anajua mwezi wa sita utatoa bilioni 2 kutoka hapo. Nchi inatumia karibu bilioni 1.9 kwa mwezi kununua vitu na huduma za nje. Ukianza kuuza milioni 50 kila siku ya kazi, kwa mwezi umemaliza bilioni moja, na akiba inachapishwa kila Ijumaa kwa taarifa ya wiki ya Benki Kuu, kila dila wa fedha za kigeni Nairobi na London anaisoma. Wiki ya kwanza anaona imeshuka, ya pili imeshuka, anatoa karatasi anapiga hesabu mtakwama mwezi gani. Akishapata huo mwezi hangoji. Ananunua dola leo. Kwa hivyo kule kuuza, badala ya kutuliza watu, kunawaonyesha tarehe ya mwisho.

Thailand iliangukia hapo hapo 1997. Kwa vitabu akiba ilionekana kubwa, zaidi ya dola bilioni 30. Lakini benki yao kuu ilikuwa imeahidi kwa mikataba ya mbele, ya kutekelezwa baadaye, kutoa karibu bilioni 23, na hiyo ilikuwa haionekani kwa jumla iliyokuwa inatangazwa. Zilizobaki za kutumika kweli kweli zilikuwa kidogo sana. Tarehe 2 Julai wakaachilia baht, ilikuwa 25 kwa dola, mwanzo wa 1998 ikapita 50.

Kwa hivyo mtu akikuambia nchi iko na akiba ya bilioni kadhaa, muulize ngapi ni zake. Ndani ya hiyo namba mara nyingi kuna mkopo wa IMF, kuna pesa serikali imekopa imeweka hapo ikingoja kulipa mtu mwingine.

tafsiri_za_usiku

Samahani bado sijajibiwa, niuze ama nisiuze?

mama_spea_kirinyaga

Ngoja kidogo ndugu yangu utajibiwa, tumalize hii.

@dawati sasa nimeelewa kwa nini hawakumwaga. Lakini Februari 2024 ilianguka kutoka 160 hadi 145 kwa siku chache hivi, mwisho wa Machi ikawa 131. Mimi nilikuwa nimelipa mzigo kwa 161 mwisho wa Januari, niliumia hadi leo. Hapo akiba ndiyo ilitumika ama nini kilitokea?

odush_donholm

Hapo najua. Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nje. Tangi likajazwa. Ndiyo ninachosema tangu mwanzo, ni idadi ya dola tu.

dawati_mstaafu

@odush angalia hizo bilioni 1.5 zilienda wapi. Zilikopwa katikati ya Februari kwa kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ya asilimia 9.75, na karibu zote, kama bilioni 1.44, zilitumika kununua tena ile Yurobondi ya 2014 kabla tarehe yake haijafika. Ziliingia zikatoka. Akiba haikuongezeka kwa maana yoyote kubwa kwa sababu ya hizo, na bado shilingi ilipata nguvu nyingi sana kwa muda mfupi. Kama ni idadi tu, hiyo haielezeki.

Kilichobadilika ni ile tarehe ya mwisho. Mwezi wa sita haukuwa tena wa bilioni 2, ulibaki na kama milioni 560. Yule dila aliyekuwa na karatasi yake akaona hesabu yake haifanyi kazi tena.

Na hiyo ilikutana na vitu viwili. Tarehe 6 Februari riba ya Benki Kuu iliongezwa ikafika 13, baada ya kurushwa kutoka 10.5 hadi 12.5 Desemba. Na wiki hiyo hiyo ya Yurobondi serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Maombi yalikuja ya shilingi bilioni 288, ikachukua karibu 241. Wageni walileta dola wakazibadilisha ili wanunue hiyo bondi.

Halafu ikaja sehemu ambayo sisi wa madawati tulikuwa tunaijua lakini haikuwa inaandikwa sana. Nchi hii haikuwa imekosa dola. Dola zilikuwa zimekaa. Wenye kuuza chai, maua, mashirika, watu binafsi, walikuwa na akaunti za dola hapa hapa Nairobi wamekalia, kwa sababu kila wiki wakingoja wanapata shilingi zaidi. Ukipiga simu umuulize atauza anakuambia wiki ijayo. Bei ilipogeuka wote waliuza kwa mpigo, kwa sababu sasa kila siku ya kungoja ni hasara. Nimewaona wateja waliokuwa wakisema hawauzi chini ya 165 wakibembeleza 142. Dola za watu binafsi ndizo zilishusha bei, za Benki Kuu hazikuwa na hiyo nguvu peke yake hata kidogo.

avokado_maragua

Hiyo ni kweli, mimi nilikuwa mmoja wa waliongoja. Na sioni kama ni kosa, nilikuwa nalinda kazi yangu. Lakini niseme, riba ya 18.46 si bure. Hiyo tutailipa miaka 8 na nusu. Na Yurobondi ya kuponi 9.75 imechukua nafasi ya ile ya 6.875. Kwa hivyo shilingi iliokolewa na walipa kodi.

dawati_mstaafu

Ndiyo. Hakuna njia ya bure. Ukitetea sarafu unalipa kwa akiba, ama kwa riba, ama kwa kuiachilia ianguke na bei za vitu zipande. Unachagua tu unalipa kwa ipi na ni nani anaumia kwanza.

shiro_wa_takwimu

Nimesoma yote. Mimi nafanya uchambuzi wa data na ningependa kujua kitu kimoja cha vitendo. Mtu wa nje kama mimi anajuaje Benki Kuu iko sokoni? Hawatangazi kila wakiuza ama kununua.

dawati_mstaafu

Hawatangazi, lakini wanaacha nyayo. Chukua ile taarifa ya kila Ijumaa, weka pamoja bei ya dola, akiba, na riba ya mabenki kukopeshana. Bei ikiwa imesimama na akiba inapanda wiki baada ya wiki, kuna uwezekano mkubwa inanunua, maana yake bila hiyo shilingi ingekuwa na nguvu zaidi. Bei ikisimama na akiba inashuka, inauza, na hapo ndipo pa kuanza kuhofia. Bei ikipanda na akiba imetulia, wameamua kuiachilia.

Lakini usikimbilie. Akiba inapanda pia mkopo wa nje ukiingia, kama Februari 2025 serikali ilipokopa tena bilioni 1.5, na inashuka serikali ikilipa deni, na hapo hakuna aliyeuza wala kununua sokoni. Lazima utoe hizo kwanza. Na kuna alama ambayo haiko kwa taarifa kabisa, ni ile mama spea amesema mwanzo. Bei iliyochapishwa ikiachana na bei ya kauntara, na unapewa dola kwa mafungu, basi bei rasmi si ya soko tena. Mwanzo wa 2023 mabenki yalikuwa karibu hayauziani dola, kila moja inategemea wateja wake tu. Soko likifika hapo Benki Kuu hata ikiuza milioni 10 kwa benki moja hazifiki kwa benki ya pili, zinakwama.

shiro_wa_takwimu

Asante. Basi nimeangalia kwa haraka, tangu katikati ya 2024 bei iko 129 na akiba imepanda sana. Kwa kipimo chako wananunua.

odush_donholm

Ama tu mambo yamekuwa mazuri. Watu wetu wa ng'ambo walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Chai na kahawa zimeuzwa. Kwa nini kila kitu kizuri lazima kiwe kuna mtu anashikilia?

avokado_maragua

Sarafu nyingi duniani zinapanda na kushuka, dola yenyewe ilianguka dhidi ya yuro 2025, na yetu inabaki 129 nukta kitu. Soko huru halifanyi hivyo. Mimi nimeona hii sinema tayari kati ya 2016 na 2019.

dawati_mstaafu

Nadhani nyote wawili mko na kitu. Dola zinazoingia ni za kweli, odush hajakosea hapo. Na Benki Kuu inazichota zikiingia ili shilingi isipate nguvu ikafika 120 ikamuumiza avokado, hiyo pia naona ni kweli. Ila saa hii inanunua, na kununua hakuna kikomo kama cha kuuza, kwa sababu inanunua kwa shilingi na shilingi inazitengeneza yenyewe. Dola haiwezi kuzitengeneza.

Kikomo chake ni kingine. Ikinunua dola milioni 20 kwa 129 imetia sokoni shilingi bilioni 2.6 mpya. Isipozifyonza zinaanza kupandisha bei za vitu, ikizifyonza inalipa mabenki riba ya shilingi, huku dola ilizonunua zinapata riba ya Marekani ambayo iko chini. Hiyo tofauti ni gharama na inaongezeka akiba ikikua. Ndiyo maana siafikiani na odush kwamba tangi likijaa mambo yameisha. Akiba kubwa inakununulia muda. Kama ndani ya huo muda bajeti haijapungua na deni linaendelea kuongezeka, muda utaisha.

Sasa kama 129 ndiyo bei ya haki ama imekaa chini kuliko inavyofaa, sitaki kudanganya mtu hapa, hiyo itaonekana siku wageni watataka kutoka na bondi zao.

@tafsiri, hapana, hakuna sheria kwamba bei iliyowahi kufikiwa lazima irudi. 160 ilikuwa ya hofu ya tarehe moja na hiyo tarehe ilipita. Kama kodi ya nyumba na chakula unalipa kwa shilingi, badilisha ya matumizi, zingine ziweke.

tafsiri_za_usiku

Asante mzee. Nitabadilisha nusu.

mama_spea_kirinyaga

Na mimi wa kununua? Niko na mzigo wa kulipa baada ya miezi sita, sitaki tena yale ya 161.

dawati_mstaafu

Dada, uliza benki yako wakupe bei ya mbele. Wanakuwekea bei leo, unalipa na kuchukua dola siku mliyokubaliana. Haitakuwa 129. Tuseme riba ya shilingi ni 10 na ya dola ni 4.5 kwa mwaka. Kwa miezi sita unachukua 129, unazidisha na 1.05, unagawa na 1.0225, unapata kama 132.5, halafu benki inaongeza faida yake. Wakikupa 133 hawajakuonea. Wakikupa 138 toka hapo uende benki nyingine.

mama_spea_kirinyaga

Kwa dola 40,000 hiyo ni kama laki moja na nusu hivi juu ya bei ya leo. Nikilinganisha na milioni mbili za 2024 naona naweza kuibeba, lakini bei ikibaki 129 nitakuwa nimeilipa bure na jirani yangu wa duka la pili atauza chini yangu.

dawati_mstaafu

Ndiyo, atauza. Unaweza kufunga nusu ya mzigo tu. Wengi wa wateja wangu wa zamani walikuwa wanafanya hivyo.

avokado_maragua

Na kama unataka dola bila benki katikati, mimi napokea zangu mwezi wa tano mavuno yakiisha. Sheria inaturuhusu kuuziana?

dawati_mstaafu

Biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni inataka leseni, kwa hivyo pitisheni kwa benki. Ila mnaweza kwenda pamoja benki moja, wewe unauza na yeye ananunua siku hiyo hiyo, na mkabane nao kwa tofauti ya bei. Benki ikijua iko na pande zote mbili haina sababu ya kuweka shilingi tatu hapo katikati.

mama_spea_kirinyaga

@avokado nimekutumia ujumbe.